Mpango wa uchambuzi wa data: mbinu ipi kwa swali lipi? Ulinganisho kupitia mfano wa mahudhurio shuleni Bagamoyo

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilirudishwa likiwa na duara jekundu katika sentensi moja tu: "Data za kitakwimu zitachambuliwa kwa SPSS na data za maelezo zitachambuliwa kwa dhamira." Msimamizi aliandika pembeni: "Zipi, kwa swali lipi?" Nilidhani ananionea. Miaka imepita, nami sasa husoma mapendekezo ya wanafunzi wa uzamili wa elimu wanaofanyia utafiti wao hapa Bagamoyo, na sentensi hiyo ninakutana nayo karibu kila mara. Haielezi uchambuzi wowote, kwa kuwa programu ya kompyuta si mbinu, na tasnifu ya mbinu mchanganyiko huwa na maswali manne au matano ambayo kila moja linadai jambo lake.

Hapa nitalinganisha mbinu zinazoshindana kwa kila swali katika utafiti mmoja wa mfano. Takwimu zote nitakazotumia nimezibuni ili hesabu zionekane wazi, na zisichukuliwe kuwa hali halisi ya shule yoyote.

Utafiti wenyewe unahusu mahudhurio ya wanafunzi wa darasa la sita. Mtafiti amechagua shule nane za msingi, nne za vijiji vya mwambao na nne za upande wa bara wa wilaya, na katika kila shule amechukua wanafunzi 30, hivyo jumla ni 240. Ana rejista za mahudhurio za muhula mmoja wenye siku 95 za masomo, ana hojaji fupi ya kaya, na atafanya mahojiano na baadhi ya wanafunzi, walezi na walimu. Wazo lake limetokana na jambo linalojulikana kwa kila mtu aliyewahi kukaa karibu na pwani yetu: wavuvi wa dagaa hutumia taa, na taa huvuta samaki vizuri usiku wa giza, wakati mbalamwezi haiishindi. Kwa hiyo kazi ya ufukoni hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi, na mtafiti anashuku kwamba rejista za shule nazo zinafuata mwezi huohuo.

Maswali yake ni matano, na mbele ya kila swali kuna mbinu mbili ambazo wanafunzi wengi huzipima:

| Swali | Mbinu inayozoeleka | Mbinu ya kulinganisha nayo |
|---|---|---|
| 1. Je, wanafunzi wa mwambao hukosa siku nyingi kuliko wa bara? | Jaribio la t kwa wanafunzi 240 | Wastani wa shule nane |
| 2. Je, wanafunzi wa mwambao hukosa zaidi siku za giza? | Jaribio la makundi mawili huru | Tofauti ndani ya mwanafunzi mmoja |
| 3. Mambo gani ya kaya yanahusiana na siku zilizokosekana? | Regresheni ya "mtoro au si mtoro" | Regresheni ya idadi ya siku |
| 4. Wahusika wanaelezaje kutofika shuleni? | Kuhesabu majibu | Uchambuzi wa dhamira |
| 5. Maelezo hayo yanafafanuaje takwimu? | Aya ya kulinganisha katika sura ya tano | Jedwali la pamoja lililopangwa mapema |

Swali la kwanza: nani hasa anahesabiwa?

Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika bila mwenyewe kujua, na kwa sababu hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chukulia kwamba wastani wa siku zilizokosekana katika shule nne za mwambao ni 14, 9, 11 na 6, na katika shule nne za bara ni 7, 5, 10 na 6. Wastani wa mwambao ni siku 10, wa bara ni siku 7, na tofauti ni siku 3. Chukulia pia kwamba mkengeuko sanifu wa wanafunzi katika kila upande ni siku 8. Mtafiti anayefanya jaribio la t kwa wanafunzi 120 wa kila upande atapata kosa sanifu la takribani siku 1.03 na thamani ya t ya 2.9. Thamani hiyo inapita mpaka wa kawaida wa takribani 1.97, naye ataandika kwa furaha kwamba tofauti ni ya kitakwimu.

Sasa fanya hesabu ileile kwa shule nane. Tofauti bado ni siku 3, ila kosa sanifu linakuwa siku 2, thamani ya t inakuwa 1.5, na kwa digrii 6 za uhuru mpaka ni 2.45. Tofauti haijathibitika. Data ni zilezile, majibu mawili yanapingana, na jibu la pili ndilo linalostahili kuaminiwa.

Sababu yake ni kwamba "mwambao" na "bara" si sifa za mwanafunzi bali ni sifa za shule. Wanafunzi 30 wa shule moja wana mwalimu mkuu mmoja, barabara moja, mwalimu wa darasa mmoja na desturi moja ya kufuatilia wasiofika, hivyo kila mmoja wao anaongeza habari kidogo tu juu ya zile tulizokwisha kupata kwa wenzake. Wanatakwimu hupima mfanano huo kwa kigawo kinachoandikwa ρ, na upotevu wa habari hupatikana kwa kanuni hii:

```
1 + (m − 1) × ρ
```

Herufi m ni idadi ya wanafunzi kwa kila shule. Ikiwa ρ ni 0.1, ambayo katika mfano wetu inakaribiana na mtawanyiko niliouweka, tunapata 1 + 29 × 0.1 = 3.9. Gawanya 240 kwa 3.9, nawe utaona kwamba kwa swali hili sampuli yako ina uzito wa wanafunzi wapatao 62 tu.

Niseme neno moja kuhusu fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli, ambayo katika vyuo vyetu imekuwa kama sala ya kufungulia sura ya tatu. Kwa idadi ya wanafunzi 1,200 na kosa la 0.05, fomula hutoa 1200 / (1 + 1200 × 0.0025), yaani 300, na mwanafunzi huona amemaliza. Fomula hiyo inachukulia kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha moja, na kwamba unakadiria uwiano. Haijui kama wanafunzi wako wametoka katika shule nane au themanini, wala haijui kama unalinganisha makundi.

Je, basi achague nini? Kama fedha na muda vinaruhusu, ni afadhali kuwa na shule 16 zenye wanafunzi 15 kila moja kuliko shule 8 zenye wanafunzi 30, kwa kuwa jumla ni ileile ilhali swali la kwanza linapata shule mara mbili. Kama shule ni nane na hazitaongezeka, ningemshauri aandike katika mpango wake kwamba swali la kwanza litajibiwa kwa maelezo ya kitakwimu: nukta nane katika mchoro mmoja, wastani na thamani ya kati kwa kila shule, na tofauti ya pande mbili pamoja na mipaka yake ya uhakika iliyokokotolewa kwa shule. Msomaji atajionea mwenyewe kwamba shule moja ya mwambao ina siku 6 sawa na shule ya bara, na kwamba ile ya siku 14 ndiyo inayovuta wastani.

Kabla ya hayo yote, rejista yenyewe ihojiwe. Kuna rejista zinazojazwa kila asubuhi na mchana, na kuna zinazojazwa Ijumaa kwa wiki nzima. Dalili za rejista ya aina ya pili ni nyepesi kuziona: wiki nzima ina alama zinazofanana kwa kila mtoto, siku ya mvua kubwa ya masika haina hata mtoto mmoja aliyekosa, na jumla ya siku moja haibadiliki kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Mpango useme kwamba mtafiti atahesabu vichwa darasani katika siku mbili ambazo hazikutangazwa kwa kila shule, kisha atalinganisha hesabu yake na rejista ya siku hizo. Useme pia ni tofauti ya kiasi gani itakayomfanya aiondoe shule hiyo katika uchambuzi wa siku kwa siku.

Swali la pili: mwanafunzi ajilinganishe na nafsi yake

Swali hili ndilo lenye nguvu zaidi katika utafiti huu, ingawa mara nyingi huharibiwa kwa jaribio lisilolifaa. Mtafiti hukusanya siku zote za giza upande mmoja, siku zote za mbalamwezi upande mwingine, kisha huzichukulia kama makundi mawili ya watu tofauti. Ilhali ni watoto walewale waliohesabiwa mara mbili.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, fafanua maneno kabla ya kugusa data. Mathalani, "giza" liwe usiku wa mwezi mwandamo pamoja na usiku nne kabla yake na nne baada yake, na "mbalamwezi" iwe usiku wa mwezi mpevu pamoja na usiku nne kila upande. Siku ya shule ihesabiwe kwa usiku uliotangulia, kwa sababu mtoto aliyekesha au aliyeamka alfajiri kupokea boti hukosa asubuhi inayofuata. Siku zinazobaki katikati ziachwe. Wiki za mitihani nazo ziondolewe, maana mahudhurio hupanda wakati huo bila kujali mwezi.

Baada ya kuondoa Jumamosi, Jumapili na wiki za mitihani, tuseme muhula umebaki na siku 24 za giza na siku 23 za mbalamwezi. Mwanafunzi mmoja alikosa siku 6 kati ya 24, yaani asilimia 25, na siku 2 kati ya 23, yaani asilimia 8.7. Tofauti yake ni asilimia 16.3. Kila mwanafunzi anapata namba moja ya namna hiyo, na uchambuzi wote unafanywa juu ya namba hizo 120 za mwambao.

Faida yake ni kubwa. Umbali wa nyumbani, elimu ya mama, ukali wa mwalimu mkuu na uzembe wa rejista vipo katika siku za giza na vipo katika siku za mbalamwezi, hivyo hutoweka unapotoa moja katika nyingine. Mwezi nao hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, kwa hiyo giza halikai upande mmoja wa muhula.

Kati ya jaribio la t la jozi na jaribio la Wilcoxon la jozi, ushindani si mkali kama wanafunzi wanavyodhani. Kwa namba 120 jaribio la t litatoa wastani wa tofauti na mipaka yake ya uhakika, na wastani ndio msomaji anaoutaka: ni asilimia ngapi zaidi? Jaribio la Wilcoxon hutegemea mpangilio wa ukubwa, halisumbuliwi na mtoto mmoja aliyekosa nusu ya muhula, ila katika umbo lake la kawaida huwaacha nje wote ambao tofauti yao ni sifuri. Katika darasa ambalo theluthi ya watoto hawakukosa siku yoyote, sifuri hizo ni habari kubwa. Ningeandika katika mpango kwamba jaribio la t la jozi ndilo la msingi, Wilcoxon ni la kuthibitisha, na idadi ya sifuri itatajwa. Wastani wa tofauti uoneshwe pia kwa kila shule ya mwambao, ili ijulikane kama jambo hili ni la shule zote nne au la kijiji kimoja.

Mtafiti asiwasahau wanafunzi 120 wa bara. Awapime kwa kalenda ileile ya mwezi. Kama tofauti inaonekana mwambao na bara haipo, dhana ya kazi ya ufukoni inapata nguvu. Kama ipo pande zote mbili kwa kiasi kimoja, kuna kitu kingine kinachoendana na tarehe hizo, na dhana inapaswa kurudi mezani.

Swali la tatu: kukata kwa kisu au kuhesabu

Wengi hupenda kumgawa mwanafunzi kuwa "mtoro" au "si mtoro", kwa mfano kwa mpaka wa asilimia 10 ya siku, kisha hutumia regresheni ya lojistiki. Mvuto wake naufahamu, kwa kuwa matokeo yake yanasomeka kirahisi na maofisa elimu wanayapenda. Lakini katika muhula wa siku 95 mpaka huo unaangukia kwenye siku 9 na nusu, kwa hiyo mtoto aliyekosa siku 9 anawekwa kundi moja na asiyekosa hata moja, na aliyekosa 10 anawekwa pamoja na aliyekosa 40. Zaidi ya hapo, ikiwa watoro ni 24 tu kati ya 240, kanuni ya makadirio inayotaka matukio yapatayo kumi kwa kila kigeu itakuruhusu vigeu viwili, nawe hojaji yako ina kumi na nne.

Upande wa pili ni kuiacha idadi ya siku kama ilivyo. Regresheni ya kawaida haifai sana hapa, kwa kuwa siku haziwezi kuwa chini ya sifuri na watoto wengi hukusanyika karibu na sifuri huku wachache wakiwa na mkia mrefu. Regresheni ya Poisson imeundwa kwa idadi, ila inadai kwamba mraba wa mkengeuko sanifu ulingane na wastani. Katika mfano wetu wastani wa jumla ni siku 8.5, na mraba wa mkengeuko sanifu ni 64 au zaidi kidogo. Ukilazimisha Poisson, makosa sanifu yatatoka madogo mno na kila kigeu kitaonekana muhimu. Regresheni ya binomia hasi inaruhusu mtawanyiko huo, nami ndiyo ninayoipendelea. Katika R inaandikwa hivi:

```r
library(MASS)
m <- glm.nb(siku_kosa ~ jinsi + kazi_bahari + umbali_km +
              elimu_mlezi + factor(shule) +
              offset(log(siku_wazi)), data = d)
exp(cbind(coef(m), confint(m)))
```

Sehemu ya `offset` inamtendea haki mtoto aliyehamia katikati ya muhula, ambaye shule ilikuwa wazi kwake siku 50 tu badala ya 95. Sehemu ya `factor(shule)` inalinganisha watoto ndani ya shule moja. Ina gharama yake: ukiiweka, huwezi tena kuuliza kuhusu mwambao na bara katika modeli hiyohiyo, kwa sababu shule yenyewe imeshameza jambo hilo. Modeli ya ngazi mbili ingeweza kubeba yote mawili, lakini shule nane ni chache mno kukadiria vizuri tofauti kati ya shule na shule.

Matokeo husomwa kwa uwiano. Kama `kazi_bahari` imetoa 1.40, maana yake ni kwamba, ndani ya shule moja na kwa vigeu vingine vilivyo sawa, watoto wa kaya zenye kazi ya bahari walikosa siku nyingi zaidi kwa asilimia 40. Neno la kutumia ni "inahusiana na", si "inasababisha". Vigeu vinne au vitano vichaguliwe katika pendekezo, kabla ya data kuonekana, na kila kimoja kiwe na sentensi ya kueleza kwa nini kipo.

Swali la nne: hesabu ya majibu au dhamira

Nitakuwa mfupi hapa juu ya kuhesabu. Ikiwa umewahoji watu 24, usiandike kwamba "asilimia 62.5 walitaja umaskini." Watu hao walichaguliwa kwa makusudi, na kutolitaja jambo katika mahojiano si sawa na kulikataa. Uchambuzi wa maudhui kwa hesabu unafaa pale ambapo nyaraka ni nyingi na za aina moja, kwa mfano mihtasari ya vikao vya kamati za shule ya miaka mitatu.

Kwa swali linalouliza watu *wanaelezaje*, uchambuzi wa dhamira ndio unaofaa. Virginia Braun na Victoria Clarke waliueleza mwaka 2006 kwa hatua sita: kuzizoea data, kuweka misimbo, kutafuta dhamira, kuzipitia, kuzifafanua na kuzipa majina, kisha kuandika. Tatizo ninaloliona si kutozijua hatua hizo, kwani kila mtu huzinakili. Tatizo ni kwamba dhamira zinazotokea mwishoni zinaitwa "Sababu za utoro", "Athari za utoro" na "Njia za kutatua utoro". Hizo ni vichwa vya mwongozo wa mahojiano vilivyorudi nyumbani bila kubadilika. Dhamira inapaswa kusema jambo ambalo linaweza kukubaliwa au kukataliwa. Tuseme misimbo ni "kusubiri boti alfajiri", "mkono wa pili wa mama", "ada ya twisheni kutoka kwenye dagaa" na "mwalimu anaelewa msimu". Dhamira inayoikusanya inaweza kuwa: *Kukosa shule kunaonekana nyumbani kama mchango, si kama kosa.* Hiyo ni hoja, na msomaji anaweza kukuuliza ushahidi wake.

Kuna jambo la lugha ambalo mpango mara nyingi hulinyamazia. Mahojiano hufanyika kwa Kiswahili, na tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu husema "utoro", mama husema "siku ile alinisaidia", mtoto husema "sikufika". Mtafiti anayetafsiri kwanza na kuweka misimbo baadaye atazigeuza kauli hizo tatu kuwa neno moja, na tofauti aliyoifuata mpaka ufukoni itakuwa imekufa mezani. Misimbo iwekwe juu ya maandishi ya Kiswahili, dhamira zijengwe kwa Kiswahili, na zitafsiriwe tu dondoo zitakazoingia katika tasnifu.

Wanafunzi huniuliza kama wahesabu kiwango cha kukubaliana kati ya waweka misimbo wawili kwa kigawo cha kapa. Kama orodha ya misimbo imefungwa tangu mwanzo na kazi ni kupanga kauli katika visanduku, ndiyo. Kama umejitangaza kuwa unajenga dhamira kwa tafsiri yako mwenyewe ya data, kigawo hicho kinapingana na ulichokisema, na mtahini mwerevu atakuuliza.

Swali la tano: mahali data mbili zinapokutana

Sehemu hii ndiyo inayofanya utafiti uitwe mchanganyiko, na ndiyo inayopewa sentensi moja: "Matokeo ya aina zote mbili yatalinganishwa." Chaguo la kwanza la kufanya ni la muda. Ukikusanya takwimu na maelezo kwa wakati mmoja, utaokoa nauli na utazikutanisha mwishoni. Ukitanguliza takwimu, ukazichambua kwa wiki mbili au tatu, kisha ukaenda kuhoji, utajua umhoji nani. Kwa utafiti huu njia ya pili ni bora bila shaka, kwa kuwa swali la pili linampa kila mtoto namba ya tofauti yake. Mtafiti anaweza kuchagua watoto sita wenye tofauti kubwa ya giza na mbalamwezi, sita wa kaya za bahari ambao hawana tofauti kabisa, na wanne wenye tofauti kubwa ilhali hojaji inasema kaya yao haina mvuvi. Kila mmoja ahojiwe pamoja na mlezi wake.

Jambo hili linawezekana kwa sharti moja ambalo husahaulika hadi inapokuwa vigumu kurudi nyuma: namba ya siri ya mtoto, kwa mfano S03-17, lazima iwe ileile katika rejista, hojaji na mahojiano, na orodha inayounganisha namba na majina ihifadhiwe peke yake. Nimeona utafiti ambao hojaji zilijazwa bila namba yoyote kwa nia njema ya kulinda faragha, na mwishoni haikuwezekana kuunganisha hata mtoto mmoja.

Jedwali la pamoja lichorwe katika pendekezo likiwa tupu. Safu ya kwanza ni kundi la watoto, ya pili ni takwimu za kundi hilo kutoka swali la pili na la tatu, ya tatu ni dhamira na dondoo moja, na ya nne ni hukumu: maelezo yanathibitisha, yanapanua, au yanapingana. Safu ya nne ndiyo kazi yenyewe, na mpango useme kitakachofanyika pale neno "yanapingana" litakapoandikwa.

Tuchukue lile kundi la tatu, la watoto wanne. Msichana mmoja wa shule ya mwambao alikosa asilimia 25 ya siku za giza na asilimia 4 ya siku za mbalamwezi. Katika hojaji, swali "Je, katika kaya yenu kuna mvuvi?" lilijibiwa "Hapana", hivyo katika regresheni `kazi_bahari` kwake ni sifuri. Mahojiano yanaonesha kwamba hakuna mwanamume anayekwenda baharini katika nyumba hiyo, lakini mama na bibi hununua dagaa boti zinapotia nanga, huwachemsha, huwaanika na kuwauza, na binti ndiye anayegeuza dagaa juani asubuhi. Hojaji iliuliza kuhusu uvuvi, na kazi ya wanawake ya dagaa haikuitwa uvuvi na aliyeuliza wala na aliyejibu.

Matokeo yake kitakwimu ni mahususi: watoto wa namna hii wamehesabiwa katika kundi la "kaya zisizo na kazi ya bahari", wamepandisha wastani wa utoro wa kundi hilo, na uwiano wa 1.40 yumkini umetoka mdogo kuliko unavyostahili, hasa kwa wasichana. Mpango ulioandikwa vizuri utakuwa umeruhusu kurudi nyuma: kuwauliza walezi wote wa mwambao swali moja la nyongeza kuhusu kununua, kuchemsha, kuanika au kuuza dagaa, kuijaza upya safu ya `kazi_bahari`, na kuendesha modeli mara ya pili. Matokeo yote mawili yaripotiwe kando kwa kando, la kabla na la baada, pamoja na tarehe ambayo uamuzi wa kubadilisha kigeu ulifanywa.